Kapu la Sadaka na Macho Manne

Ibada imekwisha na watu wako nje wakinadi mayai na mikungu ya ndizi. Ofisini kwa usharika, wazee wawili wa zamu wamemwaga kapu la sadaka mezani. Si mume na mke wala ndugu, na Jumapili ijayo watakaa wengine. Mhazini hayupo mezani. Yeye hupokea kilichokwisha kuhesabiwa na kutiwa saini.

Noti hupangwa kwa thamani, sarafu kwa mafungu. Mzee wa kwanza anahesabu na kuandika kwenye karatasi yake, kisha mwenzake anahesabu upya bila kuchungulia. Tuseme wa kwanza kapata 444,800, wa pili 442,800. Hakuna haja ya kurudia vyote. Pengo ni 2,000, basi waanze na fungu la noti za 2,000. Mara nyingi mbili zimegandana kwa jasho la viganja. Pengo likigawanyika kwa 9, kama mmoja angeandika 448,400, yaelekea tarakimu zimepishana kwenye karatasi na fedha zenyewe ni kamili. Bahasha nazo hufunguliwa mbele ya wote wawili. Ikiwa juu imeandikwa 10,000 na ndani mna 5,000, huandikwa 5,000 na bahasha hutunzwa.

Hapo ndipo mlango unapogongwa: mhubiri mgeni anaondoka, anahitaji nauli ya 20,000. Ombi ni halali, lakini nauli isitoke kapuni. Ikichotwa pale, benki zitakwenda 424,800, na baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka pengo lilitokana na nini. Sadaka yote iandikwe, yote ipelekwe benki Jumatatu, na nauli itoke kwenye fedha za matumizi kwa hati ya malipo. Kwa njia hiyo karatasi ya hesabu na hati ya benki zitalingana hadi shilingi ya mwisho. Kuku aliyenadiwa na mnunuzi akasema “nitaleta wiki ijayo” huingia daftari la madeni, si hesabu ya leo.

Utaratibu huu hauzuii kila kitu. Wawili wanaweza kupatana, ndiyo maana zamu hubadilishwa. Na noti iliyochomolewa kabla kapu halijafika mezani haitaonekana kwenye karatasi yoyote. Kapu nalo libebwe na wawili.

Taarifa kwa waumini haihitaji mhasibu. Mistari michache ubaoni yatosha: sadaka ya kapu, bahasha, mnada, zilizotumwa kwa simu, jumla, na kiasi kilichofika benki. Majina ya watoaji yasibandikwe. Mjane mwenye 500 hakuja kushindanishwa. Nawe Jumapili ijayo, ukisomewa jumla kwenye matangazo, uliza fedha taslimu ziliwekwa benki tarehe ngapi.