Uraia, kabila, makazi: Fomu yakuuliza nini hasa?

KILA mwaka nikipitia fomu za wanafunzi wapya chuoni, hukuta penye 'utaifa' mtu kaandika Mluo, mwingine Mtaita. Penye 'makazi' mwingine kaandika nambari ya sanduku la posta. Si kwamba vijana hawa hawajui kwao. Tatizo ni swali letu la kila siku, "Unatoka wapi?", ambalo hujibiwa kwa kabila, kwa ushago au kwa mtaa wa kupanga, na kote huko jibu likakubalika. Fomu haina upole huo. Imelipasua swali hilo moja vipande vipande, na kila kipande kina jibu lake.

Tuanze na maneno yenyewe. 'Taifa' na 'kabila' yote yametoka katika Kiarabu, na yote yalibeba maana ya kundi la watu. Ndiyo maana 'utaifa' humkanganya mtu. Lakini katika fomu za leo, taifa ni dola: jibu ni Mkenya, Mtanzania au Mganda. 'Raia' nalo asili yake ni watu walio chini ya mtawala fulani. Kwa hiyo uraia ni kifungo cha kisheria baina ya mtu na dola. Fomu ikiuliza utaifa pekee, jibu lake kwa kawaida ni lile lile la uraia. Kabila ni suala la ukoo, lugha na mila. Halikupi uraia wala halikunyang'anyi.

Chukua mfano wa msichana ambaye wazazi wake, Wabukusu wa Bungoma, ni raia wa Kenya. Yeye alizaliwa Nakuru na sasa amepanga chumba Ruiru. Uraia wake ni Mkenya. Kabila, Mbukusu. Mahali pa kuzaliwa ni Nakuru, hata kama aliondoka huko akiwa mchanga. Mahali pa asili ni Bungoma, maana 'asili' ni shina, na shina la ukoo wake liko huko hata kama yeye hajawahi kulala huko usiku mmoja. Makazi ni Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kwa sababu makazi ni pale mtu anapokaa sasa. Akihama kesho, jibu hili hubadilika na yale mengine hubaki.

Anwani ya posta ni jambo jingine kabisa. Haielezi mtu anakaa wapi, bali barua zake zipelekwe wapi. Ikiwa hutumia sanduku la shule ya mjombake mjini Mombasa, ataandika S.L.P., nambari ya sanduku, kisha 80100 Mombasa. Tarakimu hizo tano ni msimbo wa posta ya Mombasa, kama 00100 ilivyo ya posta kuu ya Nairobi. Akiandika Ruiru kwa kuwa ndiko anakolala, barua itamtafuta mahali asipo na sanduku.

Kosa linaloumiza zaidi ni kudhani kuwa mahali pa kuzaliwa ndipo panapotoa uraia. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 chasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye, siku aliyozaliwa, mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa nchini au nje.

Wamakonde wa Kwale waliijua tofauti hiyo kwa machungu. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Watoto na wajukuu wakazaliwa Pwani. Kabila walikuwa nalo, makazi walikuwa nayo, mahali pa kuzaliwa palijulikana. Penye uraia tu ndipo palipokuwa patupu, na bila kitambulisho ni vigumu kufungua akaunti ya benki au kuajiriwa. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Hawakuwa wakiomba kutambuliwa kuwa wanaishi Kenya. Hilo halikuwa na ubishi. Waliomba neno moja tu la fomu.

Basi ukikwama mbele ya fomu, jiulize ni nani au nini kingeweza kuthibitisha jibu lako. Uraia huthibitishwa na kitambulisho au pasipoti. Mahali pa kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa. Makazi, chifu wa unakokaa. Anwani, mwenye sanduku. Asili, wazee wa ukoo. Na kabila? Hilo ni kauli yako mwenyewe.