Keki ya sufuria ya wali

Anayeoka keki kwa mara ya kwanza katika sufuria ya umeme ya kupikia wali, ile yenye swichi moja tu, hushtuka dakika kumi baadaye swichi inaporuka na keki bado uji. Sufuria haijaharibika. Chini yake kuna kihisio cha joto. Wali ukiwa na maji, joto la chini halipandi sana kupita nyuzi 100. Maji yakikauka linapanda, na swichi inaruka. Rojo la keki halina maji ya kutosha kulizuia joto hilo, kwa hiyo swichi hukata mapema.

Kwa sufuria ya lita 1.8, chukua unga gramu 200, sukari 120, siagi 100, mayai matatu, maziwa nusu kikombe na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Paka sufuria siagi, mimina rojo lisipite nusu, kisha bonyeza. Swichi ikiruka, acha kifuniko kimefungwa dakika 15, halafu bonyeza tena. Kwa kawaida huchukua mizunguko mitatu hivi. Usiikandamize swichi kwa kijiko ili isiruke: chini itaungua kabla juu hakujaiva.

Moto unatoka chini, kwa hiyo juu katikati ndiko huiva mwisho, na hubaki kweupe. Usingoje rangi. Gusa kwa kidole: pakirudi juu bila kunata, chomeka kijiti katikati. Kikitoka na rojo, ongeza mzunguko mmoja.