Bwana wa Mwaka: Hesabu ya Wanajimu wa Kale

Katika karne ya 2, mnajimu Vettius Valens wa Antiokia aliandika kitabu kikubwa kwa Kigiriki, akajaza ndani yake ramani za nyota za watu halisi. Njia mojawapo aliyoitegemea haikuhitaji zaidi ya kuhesabu mpaka 12.

Hesabu inaanzia kwenye buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa. Hiyo ni nyumba ya kwanza, na ndiyo ya mwaka wake wa kwanza duniani, kabla hajatimiza hata mwaka mmoja. Kila siku ya kuzaliwa inapofika, zamu inahamia buruji inayofuata, na sayari inayoimiliki buruji hiyo inakuwa bwana wa mwaka. Akitimiza miaka 12, zamu imerudi ilikoanzia. Wanaoanza kujifunza hukosea papo hapo: huipa nyumba ya kwanza umri wa mwaka mmoja, na maisha yote yakasogea nyumba moja.

Mfano mzuri ni Malkia Elizabeth wa Pili. Alizaliwa London tarehe 21 Aprili 1926, saa nane na dakika 40 usiku, Mbuzi ikichomoza. Februari 6, 1952, akiwa ziarani Kenya, baba yake alifariki naye akarithi kiti cha ufalme. Alikuwa na miaka 25. Ukitoa 24, yaani mizunguko miwili, inabaki moja. Zamu imevuka Mbuzi na kutua Ndoo, nyumba ya pili, ya mali. Bwana wa Ndoo ni Zohali, sayari ya wazee, mizigo na majonzi, ambayo kwa aliyezaliwa usiku ilihesabiwa kuwa kali zaidi. Katika ramani yake Zohali iko kwenye Nge, karibu kabisa na kilele cha anga, mahali pa cheo na madaraka. Msiba, urithi na taji: mnajimu wa Kigiriki angevisoma vyote hapo.

Lakini alipofika miaka 37, mwaka 1963, zamu ilirudi Ndoo ileile, kwa Zohali yuleyule. Hapakuwa na msiba wa mzazi wala taji. Machi 1964 alijifungua mtoto wake wa nne, Edward. Ndiyo maana Valens na wenzake hawakuishia kwenye zamu. Walitazama pia bwana wa mwaka anapita wapi angani wakati huo, na anga ilivyokaa siku ya kuzaliwa ya mwaka husika. Zamu inataja mada, haitaji tukio.

Udhaifu mwingine uko kwenye saa. Ikikosewa kwa saa moja au mbili, buruji inayochomoza inaweza kuwa nyingine, na bwana wa karibu kila mwaka akabadilika. Tena sayansi haijathibitisha kwamba sayari huendesha miaka ya mtu, na mfano wa 1952 umesomwa baada ya tukio, jibu likiwa tayari mkononi. Anayetaka kuijaribu kwa haki aandike mada ya mwaka ujao kabla ya siku yake ya kuzaliwa, kisha aifungue mwaka ukiisha.