Picha Mbili za Jengo Moja: Soma Kabla ya Kulaumu

Hebu tuanze na jambo lililotokea hapa Ruiru. Kikundi kimoja cha kujisaidia kilikuwa kinajenga vyumba vitatu vya kupangisha, kila kimoja futi 10 kwa 10. Wanachama hawangeweza kukaa pale kila siku, kwa hivyo katibu alikuwa akipiga picha kwa simu kila baada ya wiki mbili. Picha ya pili ilipofika mkutanoni, maneno yakaanza. Rundo la mawe ya Ndarugo lilikuwa limeshuka sana, na ukuta ulionekana umepanda kidogo tu. Mweka hazina akauliza wazi: "Fundi, mawe yetu yameenda wapi?" Ilibaki kidogo fundi afukuzwe.

Tuliketi nao, tukaziweka picha zote mbili mezani, moja kando ya nyingine. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba zinaweza kulinganishwa. Tafuteni vitu visivyohama, kama vile mlingoti wa stima na pembe ya paa la jirani. Ikiwa katika picha ya kwanza mlingoti uko kushoto kwa paa, na katika ya pili umejificha nyuma yake, basi aliyehama ni mpiga picha. Akisogea karibu, rundo lililo mbele huonekana kubwa kuliko lilivyo. Picha za kikundi hiki zilikuwa zimepigwa kutoka langoni, kwa hivyo zilikuwa sawa.

Pili, tulichora mistari miwili kwa kalamu, tukagawa kila picha sehemu nne. Tulipitia sehemu moja baada ya nyingine tukiandika kilichoongezeka, kilichopungua, kilichohama na kisichobadilika. Hapa kuna mtego. Andikeni mnachokiona, si sababu yake. "Rundo limeshuka kutoka safu 6 hadi 2" ni jambo linaloonekana. "Mawe yameibwa" halionekani popote kwenye picha.

Tatu, tulihesabu. Ukuta wa mbele ulikuwa umepanda kutoka kozi 3 hadi kozi 7, yaani safu nne za mawe zimeongezeka. Ukitoa nafasi ya milango mitatu, kila kozi ya mbele ilikuwa na mawe 16, kwa hivyo mawe 64. Lakini safu moja ya rundo ilikuwa na mawe 70, na safu nne zimeondoka: mawe 280! Kweli, mtu yeyote angeshtuka.

Fundi akasema, "Mama, picha imeonyesha uso wa nyumba peke yake. Twendeni nyuma." Tukaenda sote. Ukuta wa nyuma, kuta za pembeni na zile za kugawa vyumba zilikuwa zimefika kozi 7 pia. Tulipojumlisha zote na kutoa nafasi ya madirisha, tukapata mawe karibu 255. Yale 25 yaliyobaki yalikuwa yamevunjika au kukatwa kwenye pembe, na vipande vyake vilikuwa vimelala pale pale.

Hata hivyo, picha hizo hizo zilimzuia fundi kidogo. Alikuwa ameomba malipo ya kufika linta. Linta hukaa futi 7 juu ya sakafu, na kwa mawe ya inchi 9 pamoja na simiti ya katikati, hiyo ni karibu kozi 9. Bado kozi mbili. Alikubali angoje.

Msimu nao hudanganya, hasa kwa picha za shamba. Milima ya Machakos ilipigwa picha mwaka 1937 ikiwa na ardhi tupu iliyomomonyoka, na mwaka 1991 watafiti wakapiga tena mahali pale pale. Rangi ya kijani peke yake isingethibitisha kitu, maana mvua ya juzi huleta majani. Matuta na miti mikubwa ndiyo ushahidi, kwa sababu havioti kwa wiki moja.

Tena, picha haiwezi kuonyesha kilichofunikwa. Haitawaambia msingi una kina gani, wala simiti ilichanganywa na mchanga kiasi gani. Msingi upigwe picha kabla ya kujazwa, mtu akisimamisha ndani ya mtaro ubao uliochorwa alama za futi.

Siku hizi kikundi kile kimepigilia vigingi viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Katibu husimama hapo saa tatu asubuhi, simu ikiwa usawa wa kifua, bila kuvuta picha karibu. Ubao wa futi huegemezwa ukutani. Mkutanoni orodha husomwa fundi akiwepo, na kila tofauti huulizwa kwake kwanza kabla ya kuandikwa kuwa ni kosa.