Madoa ya Uso na Mwanga wa Dirishani

Krimu ya kukinga jua, ile ambayo wengi mjini huiita sanskrini, bado ina sura ya ugeni kwa watu weusi. Ikitajwa, fikra huwaendea watalii wa Nungwi wanaorudi hotelini jioni wamewiva mabega, au watu wenye ualbino, ambao krimu yao ya Kilisun hutengenezwa hapahapa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC. Mwenye ngozi nyeusi hujiona hayumo kwenye hesabu hiyo. Hujipaka losheni yake ya kawaida, akatoka.

Ana sababu yake, na si ya kubezwa. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walilinganisha tabaka la juu la ngozi nyeusi na la ngozi nyeupe, wakakuta kwamba miale ya UVB, ndiyo inayounguza, ilipenya kwenye ngozi nyeusi kwa takriban asilimia 7, na kwenye nyeupe kwa asilimia 24. Kinga hiyo ya kuzaliwa waliikadiria kuwa kama ya krimu yenye SPF 13. Ndiyo maana mvuvi wa Bagamoyo hushinda juani na habambuki ngozi mgongoni.

Lakini kinachompeleka mtu mweusi dukani kutafuta dawa ya uso si kuungua. Ni madoa. Chunusi imepona wiki tatu zilizopita, mahali pake pamebaki alama nyeusi. Kinyozi amepitisha wembe karibu mno, vipele vya ndevu vimetoka, vimekauka, na kidevu kimebaki na vidoti. Mwingine amejifungua, na mashavu yana mabaka ya kahawia ambayo hayakuwepo kabla ya mimba. Hayo madaktari huyaita melasma. Chanzo ni tofauti, ila mwisho ni mmoja: seli zinazotengeneza melanini zimechokozwa, zikamwaga rangi kupita kiasi mahali pamoja. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi, ndivyo seli hizo zilivyo nyepesi kuchokozeka. Na mwanga wa jua huendelea kuzichokoza kila siku, hata kama ngozi yenyewe haisikii maumivu yoyote.

Hapa ndipo penye jambo ambalo maduka mengi hayamwambii mteja. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Henry Ford, mjini Detroit, waliwamulikia watu wa rangi mbalimbali mwanga wa aina mbili: miale ya UVA isiyoonekana, na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Kwa watu weupe, mwanga wa kawaida haukuacha alama ya rangi. Kwa weusi na maji ya kunde uliacha weusi, tena uliokolea na kudumu kuliko ule wa UVA. Namba ya SPF inayoandikwa kwenye kopo haisemi lolote kuhusu mwanga huo. Inapima hasa kinga dhidi ya UVB. Mtu anaweza kununua krimu ya bei, yenye SPF 50, isiyo na rangi, akaipaka kwa uaminifu mwaka mzima, na mabaka yakabaki palepale.

Kinachozuia mwanga unaoonekana ni kitu chenye rangi. Kwenye vipodozi kazi hiyo hufanywa na oksidi ya chuma, unga wa rangi nyekundu, manjano na nyeusi unaochanganywa hadi ufanane na ngozi ya mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kutoka San Luis Potosí, Mexico, uliwapa wagonjwa wa melasma dawa ileile, ila krimu za jua zikatofautiana: kundi moja lilipata yenye oksidi ya chuma, jingine isiyo nayo. Baada ya wiki nane, wenye oksidi ya chuma walikuwa wamepata nafuu zaidi.

Kuitambua dukani si kazi. Geuza kopo, tafuta kwenye orodha ya viungo namba CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Hizo ndizo oksidi za chuma, na zikiwa humo krimu yenyewe itakuwa na rangi ya kahawia ukiiminya. Zile nyeupe zenye zinki au titani ndizo zilizowakimbiza watu wengi weusi, kwa sababu humwacha mtu na uso wa majivu, wakati mwingine wenye kivuli cha zambarau. Zile zinazopotea kabisa zikipakwa hazina aibu hiyo, na dhidi ya UV hufanya kazi vizuri, ila mwanga wa kawaida huzipita. Tatizo la za rangi ni kwamba viwanda vingi hutengeneza rangi moja au mbili, na hata iliyoandikwa kuwa ya watu weusi mara nyingi humfaa mtu wa maji ya kunde tu. Mweusi sana asiyeipata inayomfaa ana njia nyingine: apake krimu ya jua isiyo na rangi, ikauke, kisha juu yake apake fondesheni au pauda inayoendana na uso wake. Rangi za fondesheni kwa kawaida hutokana na oksidi za chuma zilezile. Asizichanganye kiganjani, kila moja ipakwe peke yake, la sivyo kinga hukatikakatika.

Tuchukue karani wa duka la vitambaa Kariakoo, anayeishi Mbagala na hupanda daladala saa moja asubuhi. Uso wake una mafuta kwenye paji, mashavu makavu, na madoa ya chunusi taya zote mbili. Anaanza kwa kunawa na maji na sabuni laini ya uso, si ya kufulia wala ile ya dawa inayokausha hadi ngozi ikakaza. Anajifuta kidogo, uso ukiwa bado na unyevunyevu anapaka losheni nyepesi yenye glisirini. Glisirini hushika maji ndani ya ngozi, na kushika maji hayo ndiko kunakoondoa kupauka, ule weupe wa vumbi ambao kwenye ngozi nyeusi huonekana toka mbali. Akipaka juu ya uso uliokauka kabisa, anapata mng'ao wa nusu saa tu. Mafuta ya mgando nayo ni mazuri, hasa kwa viwiko, visigino na mashavu makavu wakati wa usiku, lakini hayaleti maji, hufungia yaliyopo. Kwenye paji la karani wetu, na joto la Dar es Salaam, asiyaguse.

Anaipa losheni dakika chache itulie, anapovaa. Kisha krimu ya jua, SPF 30 au zaidi. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili ya krimu, inayojaza kidole cha shahada na cha kati kuanzia shina hadi ncha, takriban mililita mbili. Ni nyingi, mara ya kwanza mtu hudhani ameambiwa uongo. Lakini namba ya SPF ilipimwa maabara kwa krimu nyingi kiasi hicho, na anayepaka tone la ukubwa wa punje ya choroko hapati kinga iliyoandikwa kwenye kopo. Apake mstari mmoja kwanza, usambae, halafu wa pili, asisahau masikio, taya na shingo.

Kujua kama kipimo kinafuatwa hakuhitaji mtaalamu. Kopo la mililita 50, likitoka mililita mbili kila asubuhi, huisha kwa siku 25. La karani wetu likidumu miezi minne, anapaka takriban moja ya tano ya kinachotakiwa. Gharama hiyo ni kubwa kwa mshahara wa karani, na si haki kujifanya siyo. Mwenye fedha kidogo ni afadhali anunue krimu ya bei nafuu na kuipaka ya kutosha kuliko ya bei mbaya kwa kuinyunyiza.

Mle ndani ya daladala je? Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya UVB, lakini hupitisha UVA na mwanga wa kawaida, wale wawili wanaokoleza madoa. Aliyezoea kiti cha dirishani, au anayekaa kaunta mkabala na mlango wenye jua, anapigwa na mwanga kutwa nzima ingawa yuko kivulini. Madereva wanalijua hili kwa macho: Tanzania na Kenya, ambako usukani uko kulia, shavu na mkono wa kulia ndio unaotangulia kukolea, Kigali, ni wa kushoto. Mwanga wa simu, ambao wauzaji wengine wameugeuza biashara, ni hafifu mno ukilinganishwa na wa jua, na hauna haja ya krimu yake.

Anayefanya kazi ndani arudie kupaka adhuhuri kabla ya kutoka kula. Bodaboda na mama muuza matunda kila baada ya saa mbili, na wakitoka jasho sana au kujifuta kwa leso. Kofia pana na mtandio husaidia pale ambapo krimu haiwezi kurudiwa. Jioni yote yanaoshwa, kisha losheni tena, usiku bila krimu ya jua.

Yapo yanayovuruga kazi hii yote kimyakimya. Mafuta mazito ya nywele huteremka na jasho hadi kwenye paji, yakaziba vinyweleo, chunusi zikaota mstari mzima chini ya nywele, na kila chunusi ikaacha doa lake. Mafuta ya nazi usoni huwafanyia hivyohivyo baadhi ya watu. Baya zaidi ni mkorogo. Krimu za kung'arisha zenye steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba na kuipokonya uwezo wa kustahimili jua, na haidroksikwinoni ikipakwa kwa miaka huweza kuleta weusi wa kibuluu usiofutika, hali iliyoelezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975. Zenye zebaki huharibu figo. Hakuna krimu ya jua inayoweza kushindana na vitu hivyo vikiwa bado vinapakwa.

Matokeo yapimwe kwa picha: mahali pamoja, dirisha lilelile, saa ileile, mara moja kila wiki nne. Doa la kahawia liko tabaka la juu, na likilindwa hivi huanza kufifia ndani ya miezi miwili mitatu. Doa la kijivu au la kibuluu limezama chini. Hilo huchukua mwaka au zaidi, na krimu ya jua peke yake kazi yake ni kulizuia lisikolee. Baka linalopanuka licha ya yote haya, linalowasha, au lenye vinundu vidogo vyeusi kwa mtu aliyewahi kutumia mkorogo, ni la kupeleka kwa daktari wa ngozi, pamoja na makopo yote yaliyotumika, hata lile lisilo na lebo.