Wi-Fi ya 2.4 au ya 5? Hesabu kuta kwanza

Ukifungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu, huenda ukaikuta ruta ya nyumbani kwako ina majina mawili, moja likiishia na 5G. Hiyo si 5G ya mitandao ya simu. Ni gigahezi 5, masafa ambayo ruta hiyo hiyo huyarusha pamoja na yale ya zamani ya gigahezi 2.4.

Mawimbi ya 5 hubeba data nyingi zaidi kwa sekunde, lakini ukuta wa tofali za saruji huyapunguza nguvu haraka, na zege la ghorofa huyapunguza zaidi. Ya 2.4 hupenya na kufika mbali, ila njia yake ni finyu. Chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na hizo unazigombania na ruta za majirani, Bluetooth, hata oveni ya maikrowevu.

Tuseme una nyumba ya vyumba vitatu kwenye uwanja wake, ruta iko sebuleni, na kifurushi chako ni megabiti 20 kwa sekunde. Ukipima kasi ukiwa kando ya ruta, masafa yote mawili yatakupa karibu 20, kwa kuwa kinachokubana hapo ni kifurushi. Nenda chumba cha mwisho, nyuma ya kuta tatu. Huko 5 huenda ikashuka hadi megabiti chache au ikakatika, ilhali 2.4 bado inacheza video. Nyumba ya namna hiyo haina sababu ya kuikimbilia 5.

Hali ni tofauti kabisa kwenye fleti, ambako simu inaorodhesha ruta kumi na tano za majirani. Usiku kila mtu akirudi nyumbani, 2.4 husuasua hata ukiwa umekaa mbele ya ruta. Hapo 5 ndiyo chaguo langu bila kusita: chaneli zake ni nyingi, na kuta zile zile zinazoyadhoofisha mawimbi yako huyazuia pia ya jirani.

Kwa hiyo pima saa mbili usiku, karibu na ruta, kwa masafa yote mawili. Ikiwa 2.4 ni nzito na 5 ni nyepesi, tatizo ni msongamano. Zote zikiwa nzito, kubadili masafa hakutasaidia. Wapigie wanaokuuzia intaneti. Na kama ni nzito chumbani tu, sogeza ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na friji.

Hata ukiichagua 5, usiizime 2.4. Kamera nyingi za ulinzi na soketi zinazowashwa kwa simu hazina masafa mengine.