Nani amekuja: wa au ga?

Chukua sentensi fupi ya Kijapani: Tanaka-san ga kimashita, yaani Tanaka amekuja. Ukiweka wa mahali pa ga, sentensi bado ni sahihi, ila inajibu swali jingine. Wa (huandikwa kwa herufi ya ha, usishangae) humtaja mtu ambaye tayari yumo kwenye mazungumzo, kisha hutoa habari zake: Tanaka je? Amekuja. Ga humtaja kuwa ndiye hasa: aliyekuja ni Tanaka.

Sasa uliza nani amekuja. Mjapani atasema Dare ga kimashita ka. Ukisema Dare wa kimashita ka, masikio yake yatakwazika papo hapo, na wanasarufi huitia sentensi hiyo alama ya nyota, kwamba haikubaliki. Wa hudai mtu anayefahamika, na dare, "nani", ndiye hasa asiyefahamika.

Jibu hufuata swali: Tanaka-san ga kimashita. Ukijibu kwa wa hujavunja sarufi, lakini msikilizaji atahisi umebakiza neno: Tanaka amekuja, hao wengine sijui. Kosa la namna hiyo halionekani ukiisoma sentensi peke yake. Lazima uliweke swali kando yake.